Kamera Inakwenda Wapi Laptop Ikitulia?

Swali hili huja kwa sura nyingi, ila mzizi wake ni mmoja. "Kamera ilikuwa inafanya kazi saa tatu asubuhi. Nikaenda kunywa chai, kurudi laptop inasema hakuna kamera. Nikizima na kuwasha, ipo. Sasa imekufa au haijafa?" Mwingine analalamikia kipanya kinachoganda kila akiacha kukigusa, mwingine modemu, mwingine kisoma alama za vidole.

Jibu la haraka la mafundi wengi ni kwamba kifaa kibovu, kanunue kingine. Kwa mtu aliyeko Mikindani hiyo ni nauli ya kwenda Mtwara mjini, na asipokipata huko, ni kusubiri mzigo wa basi kutoka Dar es Salaam. Kifaa kipya kikifika, huenda kikafanya yale yale. Mara nyingi kamera haina kosa lolote. Laptop yenyewe imeilaza ili kubana matumizi ya umeme, na ilipoitwa tena haikuamka.

Nitazungumzia zaidi Windows 10 na 11, maana ndizo zilizojaa mezani kwetu. Wa Linux wana fungu lao fupi mbele.

## Usingizi wa halali

USB ni ule mlango mdogo tunaochomeka flashi, kipanya na kamera. Ndani ya laptop milango hiyo haijitegemei. Kadhaa hukusanywa kwenye sehemu moja inayogawa umeme na mawasiliano, nayo huitwa habu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata kamera iliyojengwa juu ya kioo cha laptop, kwa kawaida, nayo imeunganishwa kwa USB ndani kwa ndani. Kwa hiyo yanayosemwa hapa yanaihusu hata kama hujawahi kuchomeka kamera ya nje.

Kanuni za USB zimeruhusu usingizi tangu zamani. Njia ya mawasiliano ikiwa kimya kwa milisekunde 3 tu, kifaa kinatakiwa kijilaze na kipunguze umeme kinaonyonya. Poti ya USB 2.0 inaweza kukipa kifaa hadi miliampea 500 kikiwa kazini, lakini kikilala hakitakiwi kuzidi miliampea 2.5. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo maana Windows haingoji laptop nzima ilale. Hukilaza kifaa kimoja kimoja, kile kisicho na kazi kwa wakati huo, huku vingine vikiendelea.

Mambo yakienda sawa hutajua kama lolote limetokea. Unafungua Zoom, Windows inaiamsha kamera, taa yake inawaka. Balaa huanza pale kifaa kinapodai kwamba kinaweza kulala na kuamka, kumbe programu iliyochomwa ndani yake kiwandani haijui kuamka vizuri. Wakati mwingine mwenye kasoro ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa. Kifaa kikiitwa kinakaa kimya, Windows inakata tamaa, na wewe unaandikiwa kwamba kamera haipo. Ukichomoa na kuchomeka tena, kinaanza upya kabisa na kila kitu kinarudi. Kile kitendo cha kuchomoa na kuchomeka ambacho kila mtu anakifanya bila kufikiri ndicho ushahidi wa kwanza.

## Kabla ya kugusa kitu, uliza: kinakufa lini?

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Mtu anasikia kwamba "ni power saving", anabadilisha kila mpangilio anaouona, na tatizo linabaki kwa sababu halikuwa hilo. Kumbuka sharti moja: usingizi huu unampata aliyetulia. Kamera inayotuma picha wakati huo huo haina nafasi ya kulala. Kwa hiyo kamera inayokatika katikati ya mazungumzo, uso wako ukiwa unaonekana, karibu kila mara ina shida nyingine: waya, poti iliyolegea, umeme hafifu, au joto.

Kuna hali moja inayodanganya. Uko kwenye mkutano wa Zoom, umezima video kwa dakika ishirini ili kuokoa bando, kisha unaambiwa ujitambulishe. Unabonyeza kuwasha video, kamera haipatikani. Mkutano ulikuwa unaendelea, kweli, lakini kamera ilikuwa imeachiwa tangu ulipozima video. Ilitulia, ikalazwa. Hiyo ni dalili ya usingizi, si ya waya.

Dalili nyingine ni sauti. Waya ukilegea, Windows hutoa mlio wa kifaa kuchomolewa, kisha mlio wa kuchomekwa, wakati mwingine mara nyingi mfululizo. Kifaa kilicholala hulala kimya. Mlio, kama utakuja, huja wakati wa kukiamsha, na ukifungua Device Manager unaweza kukuta maandishi `Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)` pamoja na `Code 43`. Ujumbe huo peke yake hauthibitishi usingizi, kwa sababu hata poti yenye kutu huuleta. Ukiuona baada ya utulivu tu, na kamwe si wakati wa kazi, unazidi kuelemea upande wa usingizi.

Kwa ufupi:

- Kinapotea baada ya kutulia, na kinarudi ukikichomoa na kukichomeka: shuku usingizi.
- Kinakatika kikiwa kazini au ukigusa waya: shuku waya, poti au umeme.
- Kamera ipo kwenye Device Manager bila alama ya kosa, lakini picha ni nyeusi: angalia kwanza kifuniko cha kamera, kitufe chake cha faragha na ruhusa za kamera ndani ya Windows. Hapo hakuna habari ya umeme.

## Steshenari yenye shida mbili

Tuchukue steshenari ya mfano pale Mikindani, kando ya barabara ya Mtwara kwenda Lindi, ambako upepo wa baharini unaingia mpaka kwenye droo. Dada mwenye duka ana laptop moja. Ameichomekea kamera ya USB kwa ajili ya wateja wanaokuja kufanya usaili kwa video, na modemu ya intaneti ambayo ameining'iniza dirishani kwa waya wa kuongezea wa mita tatu ili ishike mtandao. Malalamiko yake ni kwamba "USB zote zinajizima", hasa umeme ukikatika.

"Kaka fundi, ukikatika tu umeme, kamera nayo imekwenda. Ukirudi, inakuwa salama."

"Na modemu?"

"Modemu haina adabu. Hata umeme ukiwepo inakatika."

Majibu hayo mawili yameshavitenganisha vifaa viwili vilivyokuwa vimefungwa kwenye lalamiko moja. Kamera inafuata umeme wa ukutani. Modemu haifuati chochote. Tuanze na kamera.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha andika:

```
control powercfg.cpl,,3
```

Linafunguka dirisha la mipangilio ya ndani ya umeme. Tafuta `USB settings`, ndani yake `USB selective suspend setting`. Hapo kuna mistari miwili: `On battery`, yaani laptop ikitumia betri, na `Plugged in`, ikiwa kwenye chaja. Kwenye laptop ya dada, `Plugged in` imeandikwa `Disabled` na `On battery` imeandikwa `Enabled`. Aliyewahi kuishika laptop hii alizima usingizi upande mmoja tu. Ndiyo maana kamera inakuwa nzima mradi TANESCO wapo, na wakikata, laptop inahamia kwenye betri na sheria ya upande wa pili inaanza kazi.

Tunaweka `Disabled` na huku, tunabonyeza `OK`, tunaizima laptop na kuiwasha kwa kutumia `Restart`. Chagua `Restart`, si `Shut down`. Laptop nyingi za Windows zina kuwaka kwa haraka, na ukichagua `Shut down` sehemu ya mfumo huhifadhiwa kama ilivyokuwa, pamoja na draiva iliyokwisha kukwama.

Kisha tunajaribu kwa makusudi. Chomoa chaja. Fungua programu ya `Camera`, hakikisha picha inaonekana, ifunge. Acha laptop kwa muda ule ule ambao zamani ulitosha kuipoteza kamera, na kioo kisizimike. Fungua tena. Ikiwaka, rudia mara kadhaa, maana hitilafu ya kuamka haitokei kila safari. Kwa dada, inawaka kila mara. Utambuzi ulikuwa sahihi.

## Ile tiki inayosambazwa na kila mtu

Ushauri maarufu zaidi juu ya jambo hili hauanzii huko nilikoanzia. Unasema: fungua Device Manager, nenda `Universal Serial Bus controllers`, bofya mara mbili kwenye `USB Root Hub (USB 3.0)`, ingia `Power Management`, ondoa tiki kwenye `Allow the computer to turn off this device to save power`. Ni ushauri mzuri, lakini hausemi mambo mawili.

La kwanza, laptop inaweza kuwa na habu zaidi ya moja, na watu huondoa tiki kwenye ile wanayoiona mwanzo. Ili kujua kamera iko kwenye habu ipi, bofya `View` juu ya dirisha la Device Manager, chagua `Devices by connection`. Orodha inageuka kuwa mti wenye matawi. Teremka mpaka uikute kamera, kisha panda tawi moja moja hadi kwenye habu iliyoibeba. Hiyo ndiyo ya kushughulikia.

La pili, tiki ya habu hulinda habu. Kifaa kilichochomekwa hapo bado kinaweza kulazwa chenyewe. Kipanya au modemu huenda kikawa na ukurasa wake wa `Power Management`, na hapo utaondoa tiki yake pia. Kamera nyingi hazina ukurasa huo. Ndiyo maana mtu anaondoa tiki ya habu, anapata nafuu siku mbili, kisha kamera inapotea tena, naye anaapa kwamba mpangilio umejirudisha. Huenda ulijirudisha kweli, kwani masasisho makubwa ya Windows na draiva mpya huweza kufanya hivyo, lakini mara nyingi tiki ipo pale pale na haikutosha.

Mimi huanza na ule mpangilio wa jumla kwa sababu unanipa jibu la ndiyo au hapana kuhusu ugonjwa. Ukishathibitisha, unaweza kuurudisha `Enabled` na kujaribu tiki ya habu peke yake, ili vifaa vingine viendelee kubana umeme. Kwenye laptop ya dada tunajaribu hivyo, na kamera inapotea tena. Basi mpangilio wa jumla unabaki umezimwa.

Kuna swichi ya tatu inayosahaulika, nayo ni ya kioo kuzimika. Kwenye Windows 11 nenda `Settings`, `Bluetooth & devices`, `USB`, utaona `USB battery saver`, yenye maelezo kwamba vifaa vitasimamishwa kioo kikizimika ili kusaidia betri. Kwa anayeacha kifaa kinafanya kazi huku kioo kimezimika, kama mtu anayerekodi au anayegawa intaneti ya modemu, izime hii pia.

## Mpangilio ukikosekana

Kwenye laptop nyingi mpya, dirisha lile la kwanza halina `USB settings` kabisa, na ukurasa wa `Power Management` nao haupo. Si kwamba umekosea njia. Laptop hizi zinatumia aina mpya ya kulala, ambapo kioo huzimika lakini mfumo hubaki nusu macho kama simu, na Windows huficha mipangilio ya zamani. Kufichwa si kufutwa. Fungua `Terminal` au `Command Prompt` kwa kubofya kulia na kuchagua `Run as administrator`, kisha andika mstari huu mmoja:

```
powercfg -attributes 2a737441-1930-4402-8d77-b2bebba308a3 48e6b7a6-50f5-4782-a5d4-53bb8f07e226 -ATTRIB_HIDE
```

Zile namba ndefu ni jina la ndani la fungu la USB na la mpangilio wa usingizi wake. Ukifungua upya dirisha la umeme, `USB settings` inapaswa kuonekana. Ukipenda kumaliza kazi hapo hapo bila madirisha, hii inazima usingizi upande wa betri:

```
powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT 2a737441-1930-4402-8d77-b2bebba308a3 48e6b7a6-50f5-4782-a5d4-53bb8f07e226 0
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Kwa upande wa chaja, andika `setacvalueindex` mahali pa `setdcvalueindex`. Ukitaka kurejesha, ile 0 ya mwisho iwe 1. Na ukibadilisha mpango wa umeme, tuseme kutoka `Balanced` kwenda `High performance`, fahamu kwamba kila mpango una mipangilio yake. Ulichozima huku hakijazimika kule.

Kwa mwenye Linux, mambo ni mafupi zaidi. Kila kifaa cha USB kina faili lake la `power/control` chini ya `/sys/bus/usb/devices/`. Likiandikwa `auto` kifaa kinaruhusiwa kulala, likiandikwa `on` kinabaki macho. Ukiandika humo kwa mkono, mabadiliko hupotea laptop ikizimwa. Kama unatumia programu ya TLP ya kubana umeme, mstari `USB_AUTOSUSPEND=0` kwenye faili lake la mipangilio hubaki siku zote.

## Betri inalipa kiasi gani?

Usingizi ulikuwapo kwa sababu, kwa hiyo ukiuondoa kuna gharama. Kifaa chenyewe kikiwa macho bila kazi hakinyonyi umeme mwingi. Gharama kubwa inatoka kwingine. Kifaa kimoja cha USB kisicholala kinaweza kuifanya sehemu nzima inayosimamia USB ibaki macho, na prosesa nayo ikazuiwa kuingia kwenye utulivu wake mzito.

Tupige hesabu ya mfano. Betri ya wati-saa 45, kwenye laptop inayotumia wati 9 kwa kazi nyepesi, inadumu saa 5. Ukiongeza wati 1 kwa sababu ya USB zisizolala, matumizi yanakuwa wati 10 na betri inadumu saa 4 na nusu. Kwa steshenari ambayo umeme ukikatika hutegemea betri mpaka urudi, nusu saa hiyo ina thamani. Lakini kamera iliyopotea mteja akiwa kwenye kiti, mbele ya jopo la usaili, ni hasara kubwa zaidi, na hapo uamuzi si mgumu. Kwa anayetumia kamera mara moja kwa mwezi ningesema aache usingizi ulivyo na achomoe na kuchomeka siku akihitaji.

Kujua kifaa gani hasa hakilali, Windows ina kipimo chake. Kwenye dirisha lile la administrator andika:

```
powercfg /energy
```

Itapima kwa sekunde 60 kisha itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti iitwayo `energy-report.html`. Ndani yake huwa kuna sehemu inayotaja vifaa vya USB ambavyo havikuingia usingizini. Kabla ya mabadiliko, kifaa chochote kilichotajwa humo hakikuwa kikilazwa, basi usikilaumu usingizi kwa hicho. Baada ya mabadiliko, kuikuta kamera yako kwenye orodha hiyo ni dalili kwamba agizo limeshika. Ripoti itaiita kosa, wewe iache.

## Modemu haina adabu

Imebaki modemu ya dada. Mpangilio wa usingizi umezimwa pande zote mbili, na bado inakatika, mara nyingi katikati ya kupakua faili, kwa ule mlio wa kuchomolewa na kuchomekwa. Kwenye ripoti ya `powercfg /energy` ya mwanzo, modemu ilikuwa imetajwa kama kifaa kisicholala. Hakuna mpangilio wa Windows utakaoiponya hii.

Modemu huvuta umeme mwingi zaidi inapotuma data, na mtandao ukiwa hafifu hujikaza zaidi. Waya wa mita tatu, mwembamba, hupoteza sehemu ya volti njiani. Juu ya hayo kuna hewa ya chumvi: ukimulika ndani ya poti kwa tochi ya simu, vile vibati vya kugusana ambavyo vilitakiwa kung'aa vimefifia na kuota doa la kijani. Mguso ukiwa mbaya, modemu ikivuta umeme kwa nguvu volti inashuka, nayo inazimika na kuanza upya.

Laptop inazimwa na chaja inachomolewa. Vibati vya poti na kichwa cha modemu vinasuguliwa taratibu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa alkoholi ya aisopropili, na vinaachwa vikauke kabisa. Waya wa mita tatu unabadilishwa kwa wa nusu mita, na laptop inasogezwa karibu na dirisha. Habu ya nje yenye chaja yake ingefaa pia, kwa kuwa inaongeza umeme wa kutosha. Isingeisaidia kamera, kwani Windows hulaza hata vifaa vilivyo kwenye habu yenye umeme wake.

Modemu inapakua faili hadi mwisho bila mlio. Dada anabandika kipande cha karatasi juu ya poti ya kamera ili pasichomekwe kitu kingine hapo. Kamera nyingi za bei ndogo hazina namba yao ya utambulisho, na ukizihamishia poti nyingine Windows huziona kama kifaa kigeni chenye mipangilio ya mwanzo.